Vitunguu vya Mchuzi

Juzi tuliharakisha vitunguu vya mchuzi wa wageni. Vikaungua pembeni, ndani vikabaki vibichi, na mchuzi wa kilo nzima ya nyama ukawa mchungu. Sababu yake ni hii: kitunguu karibu chote ni maji, na maji hayo yasipokwisha kukauka, sukari yake haipati moto wa kuigeuza rangi na ladha.

Basi vitunguu 3, vilivyokatwa vyembamba, vitieni katika samli juu ya makaa machache, mkivikoroga kwa nusu saa. Kwanza vitalegea, kisha mlio wa kuchemka utapungua, ndipo vitakapogeuka rangi ya kahawia. Vikishika chini, nyunyizieni maji kidogo. Vikiwa vyeusi, vitupeni mwanze tena. Uchungu ule hauondolewi na nyama.