Mitokondria Kuguswa Si Apoptosisi

Toleo hili limezaliwa na ubishi juu ya mbu. Jaribio la Misungwi lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba, kwa miaka miwili, watoto waliopewa vyandarua vyenye klorfenapiri pamoja na pairethroidi waliugua malaria kwa asilimia 44 pungufu kuliko waliopewa vya pairethroidi pekee. Tangu hapo nasikia kila kongamano: dawa hiyo hushambulia mitokondria, kwa hiyo seli za mbu hujiua kwa apoptosisi. Hiyo “kwa hiyo” ndiyo inayonikera.

Klorfenapiri ikiingia mwilini, vimeng’enya vya mbu mwenyewe huigeuza kuwa tralopirili. Tralopirili huvusha protoni kwenye utando wa ndani wa mitokondria, zikarudi bila kupitia kimeng’enya kinachounda ATP. Oksijeni inaendelea kutumika, nishati haipatikani. Mbu hafi papo hapo, na ndiyo maana kwa dawa hii vifo huhesabiwa hadi saa 72.

Sasa tazama njia ya ndani ya apoptosisi kwa binadamu. BAX na BAK hutoboa utando wa nje, saitokromu c inatoka na kumshika Apaf-1, kisha Apaf-1 saba huungana na kuiamsha kaspezi-9, nayo huikata kaspezi-3. Lakini huo muungano hautokei bila dATP au ATP. Mwaka 1997 Marcel Leist na wenzake walizipa seli za binadamu kichocheo kilekile cha kifo: zenye ATP zilikufa kwa apoptosisi, zilizonyimwa zikafa kwa nekrosisi, na zilipowezeshwa tena kuunda ATP apoptosisi ikarejea. Basi dawa ambayo kazi yake ni kukausha ATP inawezaje kudhaniwa, bila kupima, kwamba inaendesha njia inayoila ATP? Kipimo kidogo huenda kikaiachia seli nishati ya kutosha. Kikubwa, sidhani.

Tena mbu si binadamu. Kwa nzi wa matunda, mdudu mwenzake, Dark, ndugu wa Apaf-1, huungana wanane bila kuhitaji saitokromu c. Breki halisi ni protini za IAP zinazozikandamiza kaspezi. Kwa seli za Aedesi, ukizima IAP1 tu seli zinaanza kujiua. Ukizima pia Dronc, mwenza wa kaspezi-9, zinanusurika. Anayechora mchoro wa binadamu juu ya tumbo la mbu anaanza na deni la ushahidi.

Ushahidi wenyewe unaharibikia njiani. Chukua vibanda vya majaribio vya Lupiro. Tuseme mbu wanaokotwa asubuhi, wanagandishwa, wanavushwa Mto Kilombero hadi Ifakara, wanasagwa, na saitokromu c inaonekana kwenye majimaji ya seli. Shangwe! Lakini kugandisha na kuyeyusha hupasua utando wa nje, na mbu ambaye hakuwahi kugusa dawa angetoa jibu hilohilo. Ugunduzi wa mwaka 1996 wa maabara ya Xiaodong Wang ulipitia mlango huohuo: saitokromu c ilikuwemo kwenye mchujo wa seli kwa sababu maandalizi yalikuwa yameivujisha. Tofauti ni kwamba wao waliandaa tena kwa sukrosi iliyozilinda mitokondria, wakaona mchujo huo umepoteza uwezo wa kuziamsha kaspezi.

Kwa hiyo anayetaka kunishawishi apasue mbu walio hai, saa chache baada ya kugusa chandarua, ndani ya sukrosi baridi, pamoja na wenzao wasioguswa na dawa. Atafute pia kimeng’enya cha kiini cha mitokondria: kikionekana nje, mitokondria imepasuka yote, haikutobolewa kwa mpango. Apime ATP kwenye mbu wa kundi hilohilo. Mwisho azime Dronc. Vifo visipobadilika, kaspezi hazikuwa muuaji. Kupaka rangi ya vipande vya DNA hakutoshi, maana nekrosisi nayo huvitoa.

Makala nyingine zisinichukie kwa kupewa nafasi ndogo. Ya pili inapitia seli za tumbo la mbu zinazokufa baada ya kupenywa na ookineti. Isomwe kwa makini, hasa mwandishi anapotenganisha kifo cha seli na kutupwa kwake nje ya ukuta. Ya tatu inahusu njia ya nje na protini Bid inayoiunganisha na mitokondria. Ya nne ni fupi na safi.

Kuanzia toleo lijalo, makala itakayodai saitokromu c imetoka kwenye mitokondria bila kueleza sampuli ilishikwa vipi tangu kukusanywa hadi kusagwa itarudishwa kwa mwandishi kabla ya kufika kwa wahakiki.