Ujumbe wa Kazi, Sehemu ya 4: "Amezima" Maanake Nini?

Leo tuongelee grupu ya wadi. Faili ya mgonjwa tunaandika kwa Kiingereza, hiyo iko na taratibu zake. Lakini kwa simu tunaandikiana vile tunaongea, na hapa Nairobi hicho ni Kiswahili chenye Sheng ndani. Sina vita na Sheng. Shida ni neno moja kusomwa njia tatu.

Chukua ujumbe huu: "Wasee, buda wa 6 amezima, mchekini." Mmoja atasoma kwamba mzee amelala fofofo. Mwingine atasoma amepoteza fahamu, maana hata aliyelewa chakari tunasema amezima. Wa tatu, ambaye hakukulia mitaa yetu, anajua kinachozima ni taa, kwa hivyo atadhani mzee amefariki. Mmoja anamalizia chai yake, mwingine anakuja mbio, na wa tatu anatafuta namba ya familia.

Kusema "amezimia" ni Kiswahili sanifu kabisa, lakini tofauti yake na "amezima" ni herufi moja, na vidole vikiwa na haraka herufi huruka. Afadhali uandike kile macho yameona:

"Mgonjwa wa kitanda 6 haamki akiitwa. Anapumua. Daktari ameitwa 20:10. Njooni sasa."

Hapo hakuna wa kukisia. Hata saa nimeiandika hivyo makusudi, kwa sababu ukisema "saa mbili" kuna mwenye atasoma 14:00. Na jamani, kwanza ita kwa mdomo, simu baadaye.

Sasa msikimbilie Kiswahili cha mtihani. Kijana anakuja kupimwa sukari asubuhi, unamwandikia, "Tafadhali usistaftahi." Wengi hawalijui hilo neno, na anayelijua anaweza kufikiri chai kavu si staftahi. Atakuja amekunywa chai ya sukari, na kipimo hakitasomeka ipasavyo. Mwandikie: "Kuanzia saa nne usiku usile kitu, usinywe chai wala soda. Maji tu ni sawa. Njoo saa mbili asubuhi." Mama yake wa kijijini ataelewa, na yeye pia. Ukitaka kumsalimia "niaje" mwanzoni, salimia. Maagizo yenyewe yabaki wazi.

Sheng iko na mahali pake: "Wasee, nani atanisevu shifti ya Alhamisi? Nitamlipa Jumapili." Asiyeelewa atauliza, na hakuna mtu ataumia. Ujumbe huohuo ukienda kwa matroni, toa "wasee", toa "atanisevu", omba kwa heshima na utaje jina la atakayekushikia.

Kwa hivyo mimi huangalia msomaji aliye mbali zaidi na mtaa wangu, halafu najiuliza akikosea kusoma nani ataumia. Kama ni mgonjwa, Sheng inakaa kando.