Shukuru Una Kazi

Wanaoniambia “shukuru una kazi” huwa wanadhani nalalamikia mshahara. Mshahara ni mdogo, sawa, lakini hilo nimelizoea kama wenzangu wengi. Ninacholalamikia ni kwamba nina shahada ya takwimu, jioni nasoma uzamili wa takwimu hiyo hiyo, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu ninahamisha majibu ya hojaji kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta. Umri, tarakimu mbili. Jinsi, moja au mbili. Idadi ya watoto. Fomu inayofuata.

Kazi yenyewe siidharau. Karani mwenzangu, dada aliyeishia kidato cha nne, anaifanya vizuri kuliko mimi. Macho yake hayatoki kwenye karatasi na vidole havitafuti herufi. Kwa siku ananizidi fomu nyingi, na makosa yake ni machache, jambo tunalolijua kwa sababu baadhi ya fomu huingizwa mara mbili, na kila mmoja wetu, kisha tofauti zinatazamwa. Mimi nachelewa kwa sababu nasoma. Kichwa kilichofundishwa miaka kadhaa kutazama namba hakikubali kuzipitisha tu kama mizigo bandarini.

Na nikisoma, naona. Wiki ya tatu nilianza kuchoka na watu wenye miaka arobaini. Walikuwa wengi mno. Thelathini na tisa hayupo, arobaini na moja hayupo, ila arobaini foleni nzima. Saa ya chakula nikachukua watu 400 wenye umri wa miaka 23 hadi 62. Katika miaka hiyo arobaini, inayoishia na sifuri au tano ni minane: 25, 30, 35, kuendelea hadi 60. Ni moja ya tano. Kwa hiyo, kama watu wametaja umri wao halisi, ungetarajia kama watu 80 hivi. Niliwahesabu 172. Gawa kwa 80, zidisha kwa 100, unapata 215. Hicho ni kipimo cha Whipple, tunakifundishwa shahada ya kwanza kabisa. Mia moja maana yake hakuna upendeleo wa tarakimu, na kwa mizani ya Umoja wa Mataifa, ikipita 175 taarifa za umri ni mbovu sana.

Si jambo la kuchekesha. Mwenye miaka 38 aliyeandikwa 40 amehama rika. Jedwali litaonyesha wenye miaka 35 hadi 39 wamepungua na wenye 40 hadi 44 wameongezeka, na mtu atakaa mahali apange huduma kwa kufuata watu ambao hawapo.

Nikagawa fomu zile kwa wadodosaji. Wengi walikuwa na namba za kawaida, ila wawili ndio waliobeba karibu arobaini zote. Inaelekea mama akisema “niandikie arobaini tu”, wao wanaandika arobaini. Wenzao wanauliza mwaka wa kuzaliwa, au mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka gani na yeye alikuwa na umri gani. Dawa yake ni nusu siku ya mafunzo kabla ya raundi ya pili. Niliiandika kwenye ukurasa mmoja nikampelekea msimamizi.

“Kijana, wewe ingiza. Uchambuzi una watu wake.”

Watu wake watazipata namba baada ya miezi kadhaa, zikiwa safi kwenye jedwali, bila karatasi na bila majina ya wadodosaji. Hapo kosa litaonekana, ila wadodosaji watakuwa wameshalipwa na kutawanyika.

Basi ugomvi wangu uko hapa. Tangazo la kazi hii lilidai shahada. Kwa nini? Kwa sababu wahitimu tuko wengi na shahada ni chujio rahisi la kupunguza bahasha mezani. Ofisi ikishapata mwenye shahada, inamkataza kuitumia. Dada yule, anayeimudu kazi kuliko mimi, aliingia kwa mkataba wa vibarua na analipwa chini yangu, kwa sababu ya karatasi ambayo kazi haiihitaji. Mimi nimekalia nafasi yake, naye amefungiwa mlango ambao hakuhitaji ufunguo wangu. Sasa nani kati yetu ashukuru?

Uchovu huu hauponi kwa kulala. Siku ya fomu 120 narudi Mbagala nimesimama kwenye daladala, mwili mzima hauna neno, lakini nikifungua daftari la darasa la jioni kichwa kimeganda kama ugali wa jana. Shangazi anasema nijishughulishe. Shangazi, niko na shughuli kuliko wewe! Sina kazi ya kichwa, basi.

Wangeandika tangazo la kidato cha nne na kulipa kwa kasi na usahihi. Au, kama wanaitaka shahada, waweke safu moja tu pembeni ya jedwali ambamo karani anaandika alichokiona, na mtu mmoja anayeisoma kila Ijumaa.

Raundi ya pili imeanza. Wale wawili bado wako uwandani, na fomu za kwanza walizoleta nimeshaziingiza. Arobaini, arobaini, thelathini na tano, arobaini.