Herufi Moja Inapoteza Feza

Tuseme kamati ya vijana kule Likasi iko na bajeti katika Excel, na watu watatu wanaandika humo. Kolone A ni tarehe, B ni aina ya matumizi, C ni franka. Wa kwanza anaandika Usafiri 45 000, kisha Usafiri 30 000. Wa pili anaandika Chakula 120 000. Wa tatu anaandika Usafili 25 000. Pembeni, E5 mpaka E8, kuko majina ya aina ine; E5 ni Usafiri. Katika F5 kuko fomula hii, na F6 mpaka F8 ziko na ya kwao:

```
=SOMME.SI(B5:B40;E5;C5:C40)
```

Inahesabu tu neno lenye kufanana na lile la E5. Kwa hiyo inaleta 75 000, pahali pa 100 000, na mashini haionyeshe kosa lolote. Watu wataanza kumuangalia mutunza feza kwa jicho baya, kumbe ni herufi moja.

Ufanye hivi. Chagua B5 mpaka B40, ingia Données, kisha Validation des données. Katika Autoriser chagua Liste, na katika Source andika =$E$5:$E$8. Sasa kila mutu atachagua neno. Mwenye kuandika Usafili atakataliwa.

Inabaki kuchunga fomula, juu mutu anaweza kuandika namba juu ya F5 bila kujua. Hapa wengi wanachanganyikiwa: katika Excel kila kaze imekwisha kufungwa tangu mwanzo, lakini kufuli haifanye kazi mpaka ukinge karatasi yote. Basi fungua kwanza pahali pa kuandika. Chagua A5 mpaka C40, ingia Format de cellule, Protection, na uondoe alama kwa Verrouillée. Kisha ingia Révision, finya Protéger la feuille, na uweke neno la siri. Orodha uitengeneze mbele ya kukinga; nyuma yake mashini itakukatalia.

Lakini kuko tundu moja. Mutu akikopia neno fasi ingine na kulibandika katika kolone B, linapita bila kuulizwa, na linaweza kufuta orodha ya kaze ile. Kwa hiyo, mbele ya kukinga karatasi, weka katika F10 fomula ya kupima:

```
=SOMME(C5:C40)-SOMME(F5:F8)
```

Inapashwa kuleta 0. Katika mufano wetu inaleta 25 000, ile yenye kupotea. Ukiona hivi, tafuta kwanza neno katika kolone B, mbele ya kumuuliza mutu.

Na neno la siri lile usilitumainie kama sanduku la chuma: mwenye kutaka kulivunja ataweza. Linazuia mukono wenye kukosea, halizuie mwizi.