Upau unapokatwa miguu
Katika chati ya pau jicho hulinganisha urefu, kwa hiyo mhimili wima usipoanzia sifuri ulinganisho huvurugika. Mwaka 2012 kituo cha televisheni cha Fox News kilionyesha kiwango cha juu cha kodi ya mapato Marekani: asilimia 35 wakati huo, na 39.6 iwapo punguzo la kodi la Rais Bush lingekwisha. Mhimili ulianzia 34. Upau wa kwanza ukabaki na kimo cha 1, wa pili 5.6, na kodi ikaonekana kupanda zaidi ya mara tano. Namba zilikuwa sahihi. Picha ndiyo iliyopotosha, na kwa mpiga kura hilo si dogo. Dawa ni kutazama kwanza namba ya chini kabisa ya mhimili, kisha kugawanya thamani zenyewe: 39.6 kwa 35 ni 1.13, yaani ongezeko la asilimia 13 hivi.