Pensheni asilimia 70 ya mshahara, lakini mshahara upi?

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kuniona mwezi uliopita akiwa na swali moja: anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55? Sasa ana miaka 50. Alianza kazi akiwa na 30, kwa hiyo ana miaka 20 kazini. Mume wake ana duka la vifaa vya umeme, siku njema na siku mbaya. Watoto ni wawili, na wa mwisho ana miaka 10 tu. Wanaishi nyumba ya kupanga, na boma lao limefika kwenye renta.

Ameniruhusu niandike hesabu zake, nami nimezisogeza kidogo ili asijulikane. Naamini wazazi wengi watajiona humu.

Kabla sijauliza lolote alinieleza kuwa rafiki yake kazini alimwambia pensheni ikiwa asilimia 70 ya mshahara, mtu yuko salama, na yeye amepiga hesabu akapata 70. Nikamwomba hati ya mshahara.

Mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 1,450,000. Kwa watumishi wa umma kikokotoo kinafanya kazi hivi: unachukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora, unazidisha kwa miezi uliyochangia, unagawa kwa 580. Mshahara wake wa mwaka ni 17,400,000. Ukigawa kwa 580 unapata 30,000, na hiyo ndiyo thamani ya kila mwezi mmoja anaochangia. Akifika miaka 60 atakuwa na miezi 360, yaani pensheni kamili ya 10,800,000 kwa mwaka. Kwa kundi lake, wale ambao zamani mkupuo wao ulikuwa asilimia 50, sasa asilimia 40 ndiyo inayogeuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5. Anapata mkupuo wa milioni 54. Asilimia 60 inayobaki inalipwa kila mwezi, nayo ni shilingi 540,000. Nimetumia mshahara wa leo kwa makusudi, ili kila kitu tukipime kwa bei za leo.

Sasa turudi kwenye ule uwiano wa pensheni na mshahara. Ukilinganisha 540,000 na mshahara kamili, ni asilimia 37. Ukiondoa kodi, mchango wa mfuko, bima ya afya na chama cha wafanyakazi, anabaki na 1,063,750, na pensheni inakuwa asilimia 51 ya hapo. Lakini Mwalimu ana mkopo wa benki unaokatwa 290,000 kila mwezi, kwa hiyo kinachoingia kwenye akaunti ni 773,750. Pensheni ni asilimia 70 ya hicho. Ndiyo 70 yake ilipotoka.

Mtu mmoja, pensheni moja, majibu matatu. Mimi huanza na lile la kati, kwa sababu kodi na mchango wa mfuko havitamfuata akistaafu kama vinavyomkata leo, lakini makato ya mkopo ni fedha yake aliyokwisha kuitumia. Ukipima kwa mshahara uliokwisha kuliwa na mkopo, kadiri unavyokopa zaidi ndivyo unavyoonekana umejiandaa vizuri zaidi. Hilo haliwezi kuwa kweli. Hata hivyo, uwiano ni kama kupima joto la mwili. Unakuambia kama kuna homa, haukuambii homa ya nini. Ili kujua, lazima uingie kwenye matumizi.

Nilimpa daftari akaandike miezi miwili. Alirudi na wastani wa 1,040,000 kwa mwezi kwa nyumba nzima, na mume akiwa anaongezea kutoka dukani. Chakula na gesi 400,000, kodi ya nyumba 150,000, shule 220,000 ukigawa ada na sare kwa miezi 12, umeme, maji na simu 80,000, michango ya harusi, misiba na kanisa 70,000, nauli 60,000, na mama yake mzazi kijijini 60,000.

Tulipitia mstari kwa mstari tukiuliza: ukiwa na miaka 60, huu utakuwepo? Kodi ya nyumba itaondoka, kama nyumba itakuwa imeisha. Nauli ikashuka hadi 20,000. Chakula tukakishusha hadi 330,000 kwa kuwa midomo itapungua. Alitaka kufuta michango yote. Nikamwambia hapana, wazee ndio huchangishwa zaidi, na mtu akiacha kuchanga misiba hataeleweka mtaani. Mama mzazi naye tulimwacha. Ikitokea hayupo, fedha hiyo kwa kawaida hugeukia dawa za mstaafu mwenyewe. Tukaongeza 50,000 kwa dawa na vipimo ambavyo bima haigusi, na 40,000 kwa ukarabati wa nyumba, maana mwenye nyumba sasa ni wewe. Jumla ikawa 650,000. Duka la mume hatukulihesabu, kwa kuwa hakuna anayejua litakuwa na hali gani miaka 10 ijayo.

Kwa hiyo pensheni 540,000, matumizi 650,000, pengo 110,000 kwa mwezi. Mwalimu alitabasamu. Kwa miaka 20, kuanzia 60 hadi 80, ni milioni 26 na laki 4, na mkupuo ni milioni 54. Yeye aliona kazi imeisha.

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi na wateja wangu. Mshahara hupanda angalau mara moja moja. Pensheni usiitegemee ipande kila bei zinapopanda. Bei zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, shilingi 540,000 baada ya miaka 10 itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa takriban 400,000. Akiwa na miaka 80, itanunua vya 300,000. Matumizi yake yatabaki ya 650,000 kwa bei za leo. Pengo linaloanza na 110,000 litafika 250,000 akiwa na miaka 70, na litaendelea kufunguka. Ukijumlisha miaka yote 20, pengo si milioni 26. Ni milioni 57.

Kisha kuna mambo mawili ambayo hayamo kwenye matumizi ya kila mwezi. Mtoto wa mwisho atakuwa na miaka 20 mama akistaafu, ndiyo kwanza anaingia chuo. Tuliweka milioni 3 kwa mwaka, miaka mitatu, milioni 9. Anaweza kupata mkopo wa elimu ya juu, lakini sipangi maisha ya mtu juu ya mkopo ambao haujaombwa. Na kumalizia boma, kwa makadirio ya fundi wao, ni milioni 28.

Milioni 57, na 9, na 28 ni 94. Toa mkupuo wa 54. Zinakosekana milioni 40 kwa bei za leo. Na hapo tumeshachukulia kwamba fedha inayobaki ya mkupuo haitakaa bure, itawekwa mahali inapopanda walau sambamba na bei. Ikikaa kwenye akaunti ya kawaida, au ikaingia kwenye biashara ambayo hajawahi kuifanya, pengo ni kubwa zaidi.

Lile swali la miaka 55 tulilimaliza kwa dakika tano. Miezi 300 badala ya 360 inampa pensheni ya 450,000 na mkupuo wa milioni 45, miaka mitano zaidi ya kula akiba, na mtoto wa miaka 15 aliye katikati ya sekondari. Alilifuta mwenyewe.

Tulichokifanya baada ya hapo kilianza na karatasi. Taarifa yake ya michango ilionyesha miezi 10 haipo, ya kipindi alichohama halmashauri moja kwenda nyingine. Kwake kila mwezi mmoja unaokosekana unapunguza pensheni kwa shilingi 1,500 kila mwezi na mkupuo kwa 150,000. Miezi 10 ni 15,000 za kila mwezi maisha yake yote, na milioni moja na nusu za mkupuo. Hati zake za mshahara za miaka ile anazo, kwenye bahasha ya kaki chini ya kitanda. Kuna watu hawana, nao wanaligundua wiki wanayoaga kazini. Nawe msomaji, kama umewahi kuhama kituo, omba taarifa yako sasa uhesabu miezi.

Jambo la pili ni ule mkopo. Unaisha miaka mitatu ijayo, na mara mbili zilizopita alikopa tena kabla haujaisha. Akiacha kukopa, ile 290,000 aliyokwisha kuzoea kuishi bila kuiona itakwenda kwenye akiba kwa miaka saba iliyobaki. Tulikubaliana iende kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na ikikusanyika, sehemu inunue hati fungani za serikali za muda mrefu, ambazo hulipa riba kila baada ya miezi sita. Nilikadiria faida ya asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei, nami nilimwambia wazi kuwa hayo ni makadirio tu. Inafika karibu milioni 28. Bado zinabaki 12.

Mkutano wa tatu alikuja na mumewe. Nilimwonyesha Baba hesabu zote, akazitazama muda mrefu bila kusema neno. Halafu akauliza, "Kwani hii nyumba ni lazima iwe na vyumba vinne na dari la jipsamu?" Mwalimu akamwangalia, kisha wote wakacheka. Fundi aliitwa tena. Vyumba viwili, sebule na choo cha ndani vikamilishwe, viwili vingine vibaki kama vilivyo. Milioni 20 badala ya 28.

Milioni nne zilizobaki Baba amezichukua yeye, kwa ajili ya chuo, kutoka dukani, laki moja kila mwezi kuanzia mwezi huu, kwenye akaunti yenye jina la mtoto. Nimewaomba waje tena Januari na taarifa ya michango iliyosahihishwa. Miezi ile 10 ikirudi, kile kiwango cha 540,000 kitasimama. Isiporudi, tutaanza hesabu upya kutoka 525,000.