“Kitakuwa” Si Amri

Wenzangu tunaosoma Kiswahili hapa Kampala tunapenda kutamba kwamba Katiba inatulinda. Hebu tuisome kwa makini. Ibara ya 6 inasema Kiingereza ni lugha rasmi ya Uganda. Kisha kifungu kilichoongezwa mwaka 2005 kinasema Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge laweza kuyaweka kwa sheria. Kiingereza “ni”, Kiswahili “kitakuwa”.

Kiingereza cha sheria kina kitenzi kisaidizi kinachobeba amri na wakati ujao kwa pamoja. Sisi hukifasiri kwa -ta- na kudhani kazi imekwisha. Lakini msomaji akisikia “kitakuwa” husikia ahadi, na ahadi haina tarehe. Tena wajibu huhitaji mtu wa kuubeba. Katika kifungu hiki ni nani aliyeamriwa? Hakuna. Bunge limetajwa, ila limepewa “laweza”, yaani hiari. Ndiyo maana mwaka 2022, miaka 17 baadaye, Baraza la Mawaziri lilikuwa bado linaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Wapo wanaosema tiba ni kuandika “lazima” kila mahali. Haitoshi. Katika rufaa ya Sitenda Sebalu dhidi ya Sam Njuba, namba 26 ya mwaka 2007, Mahakama ya Juu ilipima sharti la kumfikishia mlalamikiwa taarifa ya kesi ya uchaguzi ndani ya siku 7. Kitenzi kilikuwa cha amri, lakini mahakama ikaona kwamba kilitoa mwongozo tu, na kuchelewa hakukuiua kesi. Basi kanuni iseme mambo manne: nani, afanye nini, lini, na asipofanya kitatokea nini.

Neno “au” nalo lina hila zake. Ibara hiyohiyo inaruhusu lugha nyingine kutumika kufundishia shuleni au kwa shughuli za Bunge, utawala au mahakama. Je, lugha iliyoruhusiwa darasani imefungiwa mlango wa mahakama? Hapana, kwa kuwa katika ruhusa “au” hukubali yote mawili. Lakini katika wajibu mambo hugeuka. Andika: “Mshtakiwa lazima apewe mkalimani au tafsiri ya hati.” Ofisi itatoa kilicho rahisi kwake na kusema imetii. Kuandika “na/au” ni kumwachia hakimu kazi ya mwandishi. Kama twataka vyote, tuseme “vyote viwili”. Kama kimoja chatosha, tuseme “kimojawapo, kwa uchaguzi wa mshtakiwa”.

Kifungu chetu kingepaswa kusema: “Kiswahili ni lugha rasmi ya pili. Bunge lazima lipitishe sheria ya matumizi yake ndani ya miezi 12. Lisipopitisha, Kiswahili kinatumika popote Kiingereza kinapotumika.” Sentensi hizo hazina -ta- hata moja, na asiyetimiza anajulikana kwa jina.